Tiketi ya kosa namba 02: singo yelo, vijistari vya ukingoni na vani ya dilivari. Nilipe au nibishe?

VaniNyeupe:
Wakuu habari za huko. Nipo Uingereza, nje ya London, nasambaza vifurushi kwa vani ya kukodi. Juzi asubuhi nimesimama mbele ya duka moja kushusha maboksi, mstari wa njano mmoja, nikaangalia kibao nikajua hapa kupaki hairuhusiwi lakini kushusha mzigo ruksa maana ndo kazi tunafanya kila siku kwenye singo yelo na hata dabo yelo hakuna anayetusumbua. Nimeingia ndani na boksi la kwanza narudi nachukua la pili nakuta askari wa paking ameshabandika bahasha kwenye kioo. Namwambia kaka si unaona mlango wa nyuma uko wazi na maboksi haya hapa, ananijibu haijalishi, kosa ni 02. Paundi 70, nikilipa ndani ya siku 14 inakuwa 35. Sasa hii 02 ni nini na mbona wenzangu wakipata tiketi wanaandikiwa 01 na wakituma rekodi ya skana ya vifurushi tiketi inafutwa? Nina siku chache kabla 35 haijawa 70, naombeni msaada.

Chuma_Tupu:
Pole bro. Ila wewe nawe, njano ni njano, hairuhusiwi kusimama. Sema ungewasha hazadi una dakika tano kisheria, wakija kabla ya hapo hawana kesi. Mimi hufanya hivyo kila siku na sijawahi pigwa. Kwa dabo yelo hapo usijaribu kabisa, dabo hata kushusha mzigo hakuna.

VaniNyeupe:
@Chuma_Tupu hazadi niliwasha. Na haikuwa dabo, ni mmoja.

Mzee_wa_Fomu:
Vijana salaam. Nimekaa upande wa pili wa hizi barua miaka kadhaa, nilikuwa nasoma malalamiko ya watu kama nyie na kuyajibu, kwa hiyo nisikilizeni kidogo kabla VaniNyeupe hajalipa au hajaandika kitu cha kujiharibia.

Kwanza hazadi. Taa za hazadi hazikupi ruhusa yoyote ya kusimama pahali pasiporuhusiwa, wala hakuna dakika tano kisheria. Hizo dakika anazozisema Chuma zimetokana na utaratibu wa askari wenyewe, wakiona gari kwenye mstari wa njano kwa kawaida hulitazama dakika chache waone kama kuna mzigo unaoingia au kutoka ndipo waandike. Ukiwa unashusha kweli wanaondoka. Ndo maana Chuma hajapigwa, si kwa sababu ya taa.

Pili dabo yelo. Hapa Chuma ana nusu ya ukweli. Mistari miwili ya njano maana yake huruhusiwi kungoja hapo saa yoyote, siku yoyote, hata kama hakuna kibao. Lakini kushusha na kupakia mzigo ni jambo jingine, na rangi inayolihusu haiko barabarani, iko kwenye jiwe la ukingo. Angalia ukingoni kama kuna vijistari vya njano vifupi vilivyochorwa kukata jiwe, vinavyojirudia kila baada ya hatua kadhaa. Vikiwa viwili viwili, hakuna kupakia wala kushusha saa zote. Kikiwa kimoja kimoja, hakuna kupakia kwa saa zilizoandikwa kwenye kibao cheupe kilicho karibu. Kama ukingo ni msafi hauna kitu, mzigo unashusha, hata kwenye dabo.

Kwa hiyo mistari ya lami na vijistari vya ukingo ni marufuku mbili tofauti zinazokaa pahali pamoja. Kosa 01 ni la mstari. Kosa 02 ni la vijistari. Wenzako wa 01 wanajitetea kwamba walikuwa wanashusha na utetezi huo unakubalika kwa sababu kushusha kumetolewa nje ya marufuku ya mstari. Wewe wa 02 ukiwatumia rekodi ya skana unakuwa umewathibitishia kosa lenyewe kwa mkono wako, maana wanachokushtaki nacho ni kwamba ulikuwa unashusha, au umesimama tu, pahali ambapo hata kushusha kumekatazwa. Ndiyo maana askari hakungoja hata dakika moja, kwa 02 hana cha kungojea.

Usiandike chochote kwanza. Rudi pale upige picha za ukingo, kibao, na pale gari liliposimama. Kisha tuambie saa iliyoandikwa kwenye tiketi.

Mama_Kea:
Shikamoo mzee. Samahani naingilia, lakini umenigusa. Mimi ni kea, nampeleka bibi mmoja hospitali na kliniki, ana ile beji ya bluu ya walemavu. Nimeambiwa na beji tunapaki popote penye njano masaa matatu. Wiki hii nimepaki dabo yelo nikaweka beji na ile saa ya karatasi vizuri kabisa kwenye dashibodi, nikarudi nikakuta tiketi, nayo imeandikwa 02. Bibi wa watu alilia akidhani watamnyang'anya beji.

Mzee_wa_Fomu:
Marahaba mama. Ni ugonjwa huohuo. Beji ya bluu kwa Uingereza na Wales inakupa masaa matatu kwenye njano, moja au mbili, ISIPOKUWA pale ambapo kupakia kumekatazwa. Kwa hiyo na nyie macho yaanzie ukingoni. Ukiona vijistari viwili viwili pale hapakufai kabisa, ukiona kimoja kimoja soma kibao cheupe, nje ya saa zake beji inafanya kazi.

Ila kuna kitu kinaweza kukusaidia siku nyingine. Kusimama mtu apande au ashuke kunaruhusiwa hata penye vijistari. Bibi mzee wa kutembea polepole anahitaji muda na muda huo anapewa, ukiwa umesimama unamshusha, unamkalisha kwenye kiti ndani, unarudi unaondoa gari. Usichoweza ni kuliacha gari hapo ukae naye kwa daktari. Na haya ni ya njano, mistari myekundu ni habari nyingine, pale gari la kawaida hata kumshusha abiria asiye na beji hairuhusiwi.

Tiketi hiyo waandikie, eleza hali ya bibi. Hawalazimiki kufuta lakini wana uhuru wa kufuta kwa huruma na mara nyingi kwa kosa la kwanza la mwenye beji wanafuta. Beji hawamnyang'anyi kwa tiketi moja.

Mama_Kea:
Asante baba, Mungu akubariki. Nitaandika leo.

JiraniWaKona:
Hapo hapo wakuu na mimi nina langu. Mbele ya geti la nyumba yangu halmashauri ilichora mstari mweupe mrefu barabarani una vichwa huku na huku kama herufi H iliyolala. Jirani anapaki juu yake kila usiku siwezi kutoa gari. Hivi weupe si ni marufuku pia? Nimuite askari?

Nyundo:
@JiraniWaKona huo mstari mweupe wenyewe hauna nguvu, ni ombi la adabu tu kwa madereva. Kinachokusaidia ni ukingo ulioshushwa mbele ya geti. Gari likiziba pale halmashauri nyingi zinaweza kumwandikia kwa sababu ya ukingo ulioshushwa, rangi iwepo isiwepo. Piga simu useme ukingo ulioshushwa umezibwa, usiseme mstari mweupe, utaambiwa hawahusiki.

Chuma_Tupu:
😂😂 uzi wa vani umegeuka kliniki

VaniNyeupe:
Nimerudi nimepiga picha. Mzee umenifungua macho maana mimi miaka yote naangalia lami tu.

Iko hivi. Kuna nguzo moja ina vibao viwili. Cha juu cha njano: Jumatatu hadi Jumamosi, 8 asubuhi hadi 6.30 jioni kwa saa zao. Hicho ndo nilisoma. Chini yake cheupe: Jumatatu hadi Ijumaa, 7.30 hadi 9.30 asubuhi, na 4.30 hadi 6.30 jioni, hakuna kupakia. Tiketi yangu ni Jumanne, 9.12 asubuhi. Kwa hiyo nimekosa kwa dakika 18, najua.

LAKINI. Ukingo mbele ya duka umebadilishwa. Kuna kampuni ilichimba pale kupitisha mabomba sijui nyaya, wakarudisha mawe mapya, yanaonekana kabisa ni meupe zaidi ya mengine. Mstari wa lami wamechora upya unang'aa. Vijistari vya ukingoni hawajarudisha. Nimepima kwa hatua, ni kama hatua kumi na mbili ukingo mtupu. Kijistari cha mwisho kipo nyuma ya pale niliposimama, kinachofuata kipo mbele karibu na kona na chenyewe kimefifia nusu. Vani yangu kwenye picha zao wenyewe za tiketi iko yote kwenye mawe mapya. Nguzo ya vibao ipo nyuma kama urefu wa vani mbili.

Mzee_wa_Fomu:
Sasa hiyo ni kesi. Tulia tuifuate hatua kwa hatua.

Marufuku ya kupakia kwa saa fulani inatangazwa kwa vitu viwili vinavyokwenda pamoja, kijistari kimoja kimoja ukingoni na kibao cheupe. Kijistari kinakwambia hapa pana marufuku, kibao kinakwambia saa zake. Halmashauri ina wajibu wa kuhakikisha alama ziko na zinampa dereva taarifa ya kutosha. Kwenye hatua zako kumi na mbili kitu kimoja hakipo kabisa. Hakijafifia, hakipo.

Utetezi wako basi hauwi "nilikuwa nashusha mzigo". Unakuwa "pahali gari liliposimama hapakuwa na alama ukingoni inayonionyesha kwamba kupakia kumekatazwa". Na sikiliza hii sehemu vizuri maana ndiyo yenye pesa. Tukiondoa marufuku ya kupakia kwa sababu haikutangazwa sawasawa, kinachobaki ni mstari wa njano. Mstari wa njano unaruhusu kushusha. Na hapo ndipo rekodi ya skana inageuka kuwa rafiki yako, baada ya hoja ya kwanza kukubaliwa. Tena tiketi yenyewe imeandikwa 02, hawawezi katikati ya safari kusema basi tumebadilisha tunakushtaki kwa 01. Kosa lililoandikwa ndilo wanalotakiwa kulithibitisha.

Kwa hiyo mpangilio wa barua: kwanza picha ya ukingo mtupu, pili picha yao wenyewe inayoonyesha vani kwenye mawe mapya, tatu ndo unaongeza kwamba ulikuwa unashusha maboksi, hii hapa rekodi ya skana. Ukianza na maboksi wanasoma mstari wa kwanza wanakupa jibu la kawaida la 02.

Picha piga ukiwa umesimama pale dereva anapoingilia, usawa wa macho ya dereva, ukingo wote uonekane mpaka vijistari vya pande zote mbili. Halafu moja ya karibu inayoonyesha yale mawe mapya yanapokutana na ya zamani, nusu kijistari kikiwa kimekatwa na jiwe jipya kama ipo.

VaniNyeupe:
Ipo! Kuna kijistari kimekatwa, nusu ipo kwenye jiwe la zamani halafu jiwe jipya linaanza tupu. Nilidhani ni uchafu.

Mzee_wa_Fomu:
Hiyo picha ina thamani kuliko kurasa tatu za malalamiko. Inaonyesha chanzo ni uchimbaji, si wewe kutoangalia.

Chuma_Tupu:
Nilisema mimi, rangi ikifutika tiketi ni batili moja kwa moja. Usilipe hata senti.

Nyundo:
Moja kwa moja hakuna bwana Chuma, acha kumdanganya mwenzio. Rangi kuchakaa kidogo hakuui tiketi. Wanaosikiliza rufaa wanauliza swali moja, dereva wa kawaida mwenye macho angeelewa pale pana marufuku au la. Nimeona watu wanapeleka picha za mstari uliomeguka kipande cha kiganja cha mkono wakitegemea ushindi, wanarudi na 70.

Na mzee kwa heshima zote mimi naona kesi ya VaniNyeupe si rahisi unavyoifanya. Kibao cheupe kipo, na yeye mwenyewe ameandika hapa kwamba alisoma kibao cha njano kwenye nguzo hiyohiyo. Watamuuliza, ulisoma cha juu ukashindwa kusoma cha chini? Kibao kinasema hakuna kupakia kwa saa hizo, alihitaji kijistari cha nini tena? Mimi ningekuwa halmashauri ningesimama hapo hapo.

Mzee_wa_Fomu:
@Nyundo hoja yako nzito, siikatai. Wapo watakaoamua hivyo unavyosema, kwamba kibao kilitosha na alama kwa ujumla zilieleweka. Jibu langu ni kwamba kibao hakina mshale wala mipaka, hakisemi marufuku inaanzia wapi inaishia wapi, kazi hiyo inafanywa na vijistari. Dereva akiona vijistari vinakoma halafu ukingo mtupu hatua kumi na mbili ana haki ya kudhani eneo la kupakia limeanza, maana mitaa mingi ndivyo ilivyo, marufuku karibu na kona halafu panaachwa nafasi ya maduka kushushiwa mizigo. Hasa mbele ya duka. Lakini kweli wawili wakisikiliza kesi hii wanaweza kuamua tofauti, sitamwahidi mtu ushindi.

Kitu cha kuongeza uzito: aombe halmashauri imtumie amri ya barabara yenyewe, ile nyaraka inayosema marufuku ya kupakia inaanzia wapi hadi wapi kwenye mtaa huo. Rangi haina nguvu yenyewe, nguvu iko kwenye amri. Mara mojamoja unakuta amri ya kupakia inaishia mita kadhaa kabla ya pale walipoandika tiketi na aliyechora alichora kwa mazoea. Sisemi ndivyo kwako, lakini ni swali halali na hawaruhusiwi kukuficha.

Nyundo:
Hapo kwenye amri tuko pamoja. Pia atazame zile picha za mitaa za mtandaoni zenye tarehe. Kama picha ya zamani inaonyesha vijistari na ya sasa hakuna, ni vizuri kwa hoja ya uchimbaji, lakini pia inawaonyesha kwamba marufuku ilikuwepo siku zote. Inakata huku na huku. Mimi nisingeipeleka mpaka wao wakatae kwamba alama hazipo.

Mto_Magharibi:
Habari za huko Ulaya. Nawasoma nikiwa California nashangaa jinsi mnavyohangaika na vijistari 😂 huku wanapaka ukingo mzima rangi unajua moja kwa moja. Nyekundu usisimame. Njano kupakia na kushusha. Nyeupe kushusha abiria au barua haraka. Kijani kupaki muda mfupi ulioandikwa. Bluu walemavu wenye kibali. Basi. Hapo kwenu njano inakataza huku kwetu njano ndo unashushia mzigo, mtu akihama anaweza kujifunga.

Ila na sisi tumeletewa mpya. Kuna sheria inasema huruhusiwi kupaki ndani ya futi 20 kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu, ule upande magari yanakotokea, ili anayevuka aonekane. Mwaka 2024 ilikuwa onyo, tangu 2025 ni faini. Na haijalishi ukingo umepakwa nyekundu au haujapakwa! Nilipigwa kwenye kona isiyo na rangi hata tone, na hata michoro ya kivuko haikuwepo, wanasema kona yenyewe ni kivuko. Kwa hiyo mkuu wa vani kwetu ungeshindwa, ukingo mtupu si utetezi.

Mzee_wa_Fomu:
@Mto_Magharibi umesema jambo. Huko marufuku hiyo inatoka kwenye sheria yenyewe ya jimbo kwa hiyo haingojei rangi, sawa na marufuku ya kupaki karibu na bomba la zimamoto kwenu. Hii ya VaniNyeupe inatoka kwenye amri ya mtaa mmoja, na amri ya mtaa mmoja dereva hawezi kuijua bila kuonyeshwa. Ndiyo sababu alama kukosekana kuna uzito hapa na hakuna uzito kwako.

Chuma_Tupu:
Swali la kweli sasa, siyo utani. Mimi nikiona pabaya hupandisha tairi mbili kwenye njia ya waenda kwa miguu, nakuwa nje ya mstari. Hapo wanaandika nini?

Mzee_wa_Fomu:
01 kama kawaida, na vijistari vikiwepo 02. Marufuku ya mstari haikai juu ya rangi tu, inaanzia katikati ya barabara mpaka mwisho wa eneo la barabara kwenye ukuta wa maduka, njia ya miguu ikiwemo. Kupanda ukingo hujatoka kokote, umemziba tu mwenye kigari cha mtoto.

Chuma_Tupu:
Daah. Basi nimekuwa na bahati.

VaniNyeupe:
Nimeandika rasimu. Nisaidieni kuangalia.

"Napinga tiketi hii. Kosa linalodaiwa ni kupakia au kushusha pahali palipokatazwa. Pahali gari liliposimama mawe ya ukingo yamebadilishwa na hayana alama yoyote ya kukataza kupakia kwa urefu wa takriban mita 9, kama picha namba 1 hadi 3 zinavyoonyesha. Picha zenu wenyewe zinaonyesha gari liko ndani ya eneo hilo. Alama hazikunipa taarifa ya kutosha. Nilikuwa nashusha maboksi kwa duka lililo mkabala, rekodi ya skana imeambatishwa. Naomba pia nakala ya amri ya barabara inayohusu mtaa huu."

Hizo mita 9 nimerudi nimepima na tepu. Ni 9 na kidogo.

Nyundo:
Safi, fupi. Usiongeze habari ya askari kukujibu vibaya, wala usiandike kwamba ulisoma kibao cha njano. Wakikuuliza utajibu kweli, usidanganye, lakini huna haja ya kuwaandikia hoja yao.

Mzee_wa_Fomu:
Nzuri. Peleka kabla ya siku 14 kuisha. Ukipinga ndani ya muda huo, wakikataa kwa kawaida wanakurudishia nafasi ya kulipa 35, isome vizuri barua yao. Kwa hiyo hatua hii haikugharimu. Kamari inaanza baada ya hapo, ukiendelea mbele unacheza na 70 kamili.

Na hatua inayofuata ina mtego kwako. Ulisema vani ni ya kukodi?

VaniNyeupe:
Ndiyo, nakodi kwa wiki, jina kwenye kadi ya gari ni la kampuni ya kukodisha.

Mzee_wa_Fomu:
Basi mtego huu hapa. Wakikataa pingamizi lako na usipolipa, barua rasmi haitumwi kwako, inatumwa kwa mwenye gari aliyesajiliwa. Kampuni ikiipokea ina siku 28 za kujibu. Kampuni nyingi hazibishani, zinalipa haraka halafu zinakukata wewe pamoja na ada yao ya usumbufu, na tiketi ikishalipwa kesi imekufa, hakuna rufaa tena hata uwe na picha za dhahabu.

Waandikie leo, kwa barua pepe, kwamba tiketi namba fulani unaipinga na wasilipe, badala yake wahamishie dhima kwako. Uliposaini mkataba inawezekana kuna karatasi ya kukubali kubeba tiketi zote kipindi cha kukodi, hiyo ndiyo wanaituma halmashauri pamoja na jina na anwani yako, kisha halmashauri inakuandikia wewe barua upya na siku 28 zako zinaanza. Hapo unaleta pingamizi rasmi, wana siku 56 za kujibu, wakipitisha bila kujibu umeshinda. Wakikataa unakwenda kwenye baraza la rufaa, Traffic Penalty Tribunal, ni bure na inafanyika mtandaoni. Barua rasmi ukiipuuza bila kulipa wala kupinga inaongezeka nusu, 70 inakuwa 105.

VaniNyeupe:
Duh. Nimefungua mkataba, karatasi ipo ukurasa wa nne na nimesaini. Lakini kuna mstari unasema "kampuni inaweza kulipa tiketi kwa niaba ya aliyekodi bila taarifa". Sasa hiyo inakuwaje?

Nyundo:
Hapo mimi na mzee tutabishana tena 😅. Mimi nasema kama wamekuwekea hicho kipengele wana haki ya kulipa, kwa hiyo kila kitu kiishie kwenye pingamizi la kwanza, likikataliwa lipa 35 upumue.

Mzee_wa_Fomu:
Mimi nasema waulize kwanza, wengine wakiandikiwa mapema wanakubali kuhamisha maana na wao hawapendi kutoa pesa mfukoni. Wakisema hapana, fuata ushauri wa Nyundo.

VaniNyeupe:
Nimetuma zote mbili, pingamizi na barua pepe ya kampuni. Halmashauri wamenipa namba ya kumbukumbu, wanasema nisubiri. Kampuni bado kimya. Leo asubuhi nimepita pale tena nina mzigo wa duka lilelile, bado saa tatu na nusu haijafika, nimepaki mtaa wa nyuma nikaburuza maboksi kwa toroli. Vijistari bado hawajachora.